Kinundu kigumu kwenye upinde wa unyayo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faibroma na tiba zisizo za kisu

Kazi yangu ni kutengeneza soli na viatu vya watu wenye matatizo ya miguu hapa Moshi. Wengi wanaokuja na kinundu chini ya unyayo huwa tayari wameambiwa mambo mawili yanayopingana: mmoja amewaambia "kipasue kitoke", mwingine amewaambia "kiache tu". Majibu haya ni kwa ajili yao. Hayachukui nafasi ya daktari aliyekishika kinundu chako kwa mkono wake.

Kinundu hiki ni nini hasa?

Chini ya ngozi ya unyayo kuna mkanda mpana wa nyuzi ngumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mizizi ya vidole. Mkanda huo ndio unaoushika upinde wa mguu usilale chini, kama uzi unavyoushika upinde wa mshale. Kwa baadhi ya watu, chembe zinazotengeneza nyuzi hizo huanza kuongezeka bila mpangilio sehemu moja ya mkanda, na pale panajengeka fundo gumu. Hiyo ndiyo faibroma ya unyayo. Vinundu vikiwa kadhaa, au vikiendelea kutokea, madaktari huuita ugonjwa wa Ledderhose, kwa jina la daktari mpasuaji Mjerumani aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19.

Hukua taratibu, kwa miezi na miaka. Mara nyingi hakiumi mwanzoni. Maumivu huanza kinapokuwa kikubwa kiasi cha kukandamizwa kati ya mwili wako na kiatu. Kwa hiyo maumivu mengi ya ugonjwa huu yanatokana na mgandamizo, na kitu kinachogandamiza kinaweza kuondolewa bila kukigusa kinundu chenyewe. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanaanzia hapo.

Nitajuaje kwamba ni hicho na si kitu kingine?

Kaa kitini, weka mguu juu ya goti la pili, uutazame unyayo kwenye mwanga wa mchana. Faibroma hukaa katikati ya upinde, mara nyingi upande wa ndani, ule unaoelekea mguu mwingine. Haikai kwenye kisigino. Ukiibonyeza ni ngumu, imeshikamana na kitu kilicho ndani, na haikimbii chini ya kidole. Sasa vuta kidole gumba cha mguu kielekee juu. Mkanda wa unyayo utakaza, na kinundu kitatokeza zaidi na kusimama palepale. Uvimbe wa mafuta huwa laini na huteleza. Uvimbe wenye majimaji huwa na mnepo ukiubonyeza.

Watu wengi huchanganya kinundu hiki na maumivu ya kisigino, yale ya kushindwa kukanyaga chini asubuhi unapotoka kitandani, kisha yanapungua ukitembea kidogo. Mkanda ni uleule, lakini tatizo ni tofauti: la kisigino ni kuvutika na kuchanika kidogo kidogo pale mkanda unapoanzia, na halina kinundu cha kushika. Kuyachanganya matatizo haya mawili kuna madhara, kwa sababu ushauri unaomsaidia mwenye moja unaweza kumuumiza mwenye lingine. Nitalirudia hili kwenye swali la kuchua.

Kwa mazingira yetu kuna mambo mengine ya kuulizana kabla ya kuridhika. Je, uliwahi kuchomwa na mwiba hapo, hata miaka miwili iliyopita? Kipande cha mwiba wa mgunga kikibaki ndani, mwili hukizungushia nyama ngumu na unapata kinundu kinachofanana sana na hiki. Je, kuna tundu linalotoa usaha au punje ndogo nyeusi, nyeupe au za njano? Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa fangasi au bakteria wanaoingia mguuni kwa watu wanaotembea peku shambani au machungani, na tiba yake ni tofauti kabisa. Je, ngozi juu ya uvimbe ni ya zambarau au nyeusi kuliko sehemu nyingine, au kuna mabaka kama hayo kwingine mwilini? Hapo daktari atataka kuangalia saratani ya Kaposi au saratani ya ngozi, na kipimo cha VVU ni sehemu ya kawaida ya uchunguzi huo.

Kwa hiyo faibroma si saratani?

Si saratani. Haisambai kwenda sehemu nyingine za mwili. Inaweza kukua, inaweza kusimama kwa miaka, na vinundu vingine vinaweza kutokea jirani au kwenye mguu wa pili.

Lakini zipo saratani chache za nyama laini zinazoweza kuanza mguuni, na mwanzoni zikaonekana kama kinundu cha kawaida. Ndiyo maana sikubali kumtengenezea mtu soli kabla hajaonwa na daktari. Usisubiri miadi ya mwezi ujao ikiwa uvimbe umeongezeka waziwazi ndani ya wiki chache, umezidi sentimita 5, unauma usiku ukiwa umelala bila kukanyaga, umetoboka au unatoa damu, umekutia ganzi vidoleni, au umeona matezi ya kinena upande huohuo yamevimba. Nenda wiki hiyohiyo.

Kwa nini kimenitokea mimi? Sijawahi kuumia mguu.

Mara nyingi sababu haijulikani. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwa watu wa umri wa kati na wazee, zaidi kwa wanaume, na hutembea kwenye baadhi ya familia. Umeripotiwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini kuliko kwa Waafrika, lakini hilo lisimfanye mtu yeyote wa Kilimanjaro aambiwe kuwa hawezi kuupata.

Mambo mawili yanafaa kumweleza daktari hata asipouliza. La kwanza ni viganja vyako: kama kuna mtu katika ukoo, au wewe mwenyewe, mwenye vinundu au nyuzi ngumu kiganjani zinazokivuta kidole cha pete kijikunje, ule ni ugonjwa wa ukoo mmoja na huu. La pili ni dawa. Fenobabitali, inayotumiwa na watu wengi wenye kifafa hapa nchini, imehusishwa na vinundu vya aina hii baada ya kutumika kwa muda mrefu. Usiiache mwenyewe. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo linaloua. Mwambie tu daktari wako wa kifafa aone kama kuna dawa nyingine inayokufaa. Kisukari na unywaji wa pombe nyingi kwa miaka pia vimetajwa, ingawa uhusiano wake hauko wazi kiasi hicho.

Ni kipimo gani kinatosha?

Daktari mzoefu wa mifupa mara nyingi hukitambua kwa macho na mikono. Kipimo cha kwanza cha kuthibitisha ni ultrasaundi, inayopatikana katika hospitali nyingi za Moshi na Arusha. Mwombe mpimaji aandike mambo matatu: ukubwa kwa milimita, kama kinundu kimo ndani ya mkanda wa unyayo au pembeni yake, na kama kina mishipa mingi ya damu. Ukubwa huo utauhitaji baada ya miezi sita ili kujua kama kinakua kweli. Kumbukumbu ya kidole haitoshi. Nimekutana na watu waliokuwa na hofu kwamba kinundu kimeongezeka maradufu, kumbe kipimo kinaonyesha milimita moja tu.

Picha ya eksirei haionyeshi faibroma. Inasaidia tu kuangalia mifupa au kitu kama chuma au glasi kilichobaki ndani. MRI ni ya gharama na huagizwa pale ultrasaundi ikiacha shaka, au kabla ya upasuaji. Kukata kipande cha nyama kukipima kunahitajika pale tu daktari anapokuwa na shaka ya kitu kingine, na afanye yule ambaye angefanya pia upasuaji wenyewe kama ungehitajika.

Mbona kisitolewe tu tumalizane nacho?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi, na ninaelewa. Shida ni kwamba kinarudi. Kinundu kikitolewa chenyewe peke yake, kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hurudi, na kinachorudi mara nyingi ni kikubwa na kikali kuliko cha kwanza. Ili kupunguza kurudi, mpasuaji anapaswa kuondoa sehemu kubwa ya mkanda pamoja na kinundu. Hapo upinde unaweza kushuka, mishipa midogo ya fahamu ya unyayo inaweza kukatika ukabaki na ganzi, na kidonda cha unyayo huchelewa kupona kwa sababu hakuna namna ya kuishi bila kukikanyaga. Kovu likikaa mahali pabaya, linauma kila hatua kama kilivyokuwa kikiuma kinundu.

Kwa mtu anayelima, anayeuza sokoni Kiboroloni akiwa amesimama, au anayepanda na kushuka mlima, wiki kadhaa za kutokukanyaga ni gharama kubwa. Ni haki yake kujua kwamba kuna mambo ya kujaribu kabla.

Hiyo soli yenye shimo inafanyaje kazi, na inatengenezwaje?

Lengo ni kuubeba upinde wote wa mguu isipokuwa pale kilipo kinundu. Uzito unahamia kwenye nyama inayokizunguka, na chenyewe kinakaa kwenye nafasi yake bila kubonyezwa.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, wa mtu wa aina ninayemwona mara nyingi. Nimeyaunganisha mambo ya watu kadhaa ili asitambulike yeyote. Ni mwongozaji wa watalii mlimani, mwanaume wa miaka 46, mwenye kinundu unyayo wa kushoto kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kupanda hakumsumbui sana. Anaumia wakati wa kuteremka kuelekea geti la Mweka, buti zikiwa zimefungwa kwa nguvu. Alipoanza kuumia alinunua mjini soli za plastiki ngumu zenye nundu ya kuinua upinde, akiamini mguu wake unahitaji kuinuliwa. Maumivu yakazidi. Soli hizo zilikuwa zinakisukuma kinundu kutoka chini, palepale kinapouma.

Ultrasaundi ilionyesha kinundu cha milimita 14 kwa 9, ndani ya mkanda. Alionwa na daktari wa mifupa kwanza. Kisha kazi ya soli ikaenda hivi.

Tulitoa soli ya ndani iliyokuja na buti, ili tuwe na nafasi. Tukakata umbo la mguu mzima, kuanzia kisigino hadi ncha za vidole, kwenye spongi ya EVA ya milimita 6, ile yenye ugumu wa wastani inayofanana na ya ndala nzuri. Spongi laini sana husinyaa siku hiyohiyo na haisaidii kitu. Kisha tukapaka rangi ya mdomo juu ya kinundu, akavaa buti lenye soli ile, akasimama wima kwa uzito wake wote na kutembea hatua chache. Alipovua, doa la rangi lilikuwa limebaki kwenye soli mahali halisi pa kinundu anapokuwa amesimama. Hii ni hatua ambayo watu huiruka, wakapima mguu ukiwa juu ya kiti. Mguu ukikanyaga hutanuka na kurefuka, na doa husogea.

Shimo huzidi kinundu kwa milimita 5 kila upande. Kwa hiyo kinundu cha 14 kwa 9 kilihitaji shimo la milimita 24 kwa 19. Shimo dogo kuliko hapo hufanya ukingo wake uwe ndio unaobonyeza pembeni ya kinundu, na hilo linauma kuliko kutokuwa na shimo. Ukingo tukauchonga kwa mteremko, usiwe kama kingo za mtaro. Ndani ya shimo tukaweka spongi laini sana, kwa sababu shimo tupu huacha nyama izame ndani yake na kuvimba. Juu ya vyote ngozi nyembamba ya kufunika.

Akaivaa saa mbili siku ya kwanza, akaongeza saa moja au mbili kila siku. Kila jioni aliuangalia unyayo wake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: palipo na joto kuliko kwingine, pamekuwa peusi zaidi, au alama ya ukingo inabaki hata baada ya nusu saa, pana tatizo.

Safari ya kwanza ya kuteremka ilimuumiza bado. Soli ilikuwa inasogea mbele ndani ya buti kila anapoteremka, na shimo lilikuwa linakihama kinundu. Tuliibandika kwa gundi ya viatu na kuubana mguu vizuri zaidi kwenye kifundo kwa kamba za buti, ili uzito usimsukume mbele. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kati ya wiki ya pili na ya sita, maumivu ya kuteremka aliyoyapa 7 kati ya 10 yalishuka hadi 3. Kinundu hakikupungua, mwaka mmoja baadaye kilikuwa milimita 15. Lakini aliendelea na kazi yake, na hilo ndilo alilokuja kulitafuta.

Soli ya namna hii husinyaa. Kwa mtu anayetembea sana, ikague kila miezi mitatu na uitarajie kubadilishwa ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Anaweza kunitengenezea fundi viatu wa mtaani?

Fundi mwenye mikono mizuri anaweza, ukimpelekea vipimo hivyo na ukamsimamia hatua ya rangi. Lakini kama una kisukari, ganzi, au mguu wenye umbo lisilo la kawaida, nenda kwa mtaalamu wa vifaa tiba vya viungo. Moshi tuna bahati: chuo cha TATCOT kilichoko KCMC kimekuwa kikifundisha wataalamu wa kazi hiyo kwa Afrika tangu miaka ya 1980. Wa Arusha, uliza kitengo cha mifupa au cha fiziotherapia katika hospitali unayotibiwa, wakuandikie rufaa.

Nivae viatu gani? Ndala, katambuga, raba?

Chagua kiatu chenye kina cha kutosha kuingiza soli bila kuukaba mguu kwa juu, chenye soli ya nje isiyokunjika katikati. Kikunje kwa mikono: kinapaswa kujikunja pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati ya upinde, mkanda wako unavutwa kila hatua. Raba za mitumba pale Memorial ni nyingi na nzuri, ila zitazame ndani: kama mwenye nazo wa kwanza ameacha bonde na mlima wa mguu wake, mlima huo unaweza kuangukia kinundu chako.

Ndala nyembamba hazina msaada wowote kwa matembezi marefu. Katambuga ni ngumu sana kwenye upinde, ingawa wapo wanaozibandika spongi yenye shimo kwa juu na zikawafaa. Nyumbani kwenye sakafu ya saruji usitembee peku. Watu huvaa kiatu kizuri kazini kisha wakashinda jioni nzima jikoni bila kitu mguuni.

Mama yangu anataka nikachuliwe na kukandwa kwa jiwe la moto. Itasaidia?

Mwambie mama kwa upole kwamba kuchua misuli ya nyuma ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kano ya kisigino, kunaruhusiwa na kunaweza kukupa nafuu, kwa sababu misuli hiyo ikikaza huuvuta pia mkanda wa unyayo. Kinundu chenyewe kisiguswe. Kukisugua na kukisaga hakukiyeyushi, ni nyuzi na si damu iliyoganda. Kunakitibua, na kesho yake unachechemea.

Hapa ndipo ule mchanganyiko na maumivu ya kisigino unapoleta shida. Mtu anasikia kwamba jirani yake alipona kwa kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, naye anafanya hivyo juu ya kinundu kila asubuhi. Ubaridi hauna neno: funga barafu kwenye kitambaa, iweke dakika 10 hadi 15 baada ya kazi. Kuviringisha kwa nguvu ndiko kubaya.

Kunyoosha kunafaa. Simama ukitazama ukuta, mguu wenye kinundu nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, egemea mbele hadi uhisi kuvutika nyuma ya mguu. Hesabu sekunde 30, rudia mara tatu, asubuhi na jioni. Ukihisi maumivu makali kwenye kinundu chenyewe, umezidisha.

Kuchanjwa chale au kukitoboa, hapana kabisa. Unyayo ukipata maambukizi unaweza kukulaza hospitali, na kwa mwenye kisukari unaweza kugharimu mguu.

Sindano ya steroidi inakimaliza?

Haikimalizi. Inaweza kukilainisha, kukipunguza kiasi na kutuliza maumivu kwa miezi, kisha mara nyingi hali hurudi polepole. Inayotumika zaidi ni triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kinundu, ikirudiwa mara chache kwa kupishana wiki nne hadi sita. Inauma, kwa sababu inaingizwa kwenye kitu kigumu, hivyo huchanganywa na dawa ya ganzi.

Kabla ya kukubali, jua bei yake kwa mguu. Inaweza kuyapunguza mafuta yanayoukinga unyayo, inaweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi nyeusi kwa muda mrefu, na ikichomwa pabaya au mara nyingi mkanda unaweza kukatika. Ukisikia "pa!" kwenye upinde kisha mguu ukavimba na kupata alama ya damu, rudi kwa daktari siku hiyo. Mimi huwashauri watu watengeneze soli kwanza. Sindano ikiwekwa kwenye kinundu ambacho bado kinakandamizwa kila hatua, nafuu yake haikai.

Na dawa za kupaka au vidonge?

Ibuprofeni au diklofenaki hupunguza maumivu kwa siku chache ngumu. Haziathiri kinundu. Usizinywe kwa wiki nyingi bila ushauri, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au figo zenye shida.

Ipo krimu ya verapamili inayotangazwa sana mitandaoni kwa vinundu hivi. Ushahidi wake ni mdogo, na inahitaji famasia inayoichanganya maalumu. Vidonge vya verapamili ni dawa ya presha na moyo. Usivisage ukapaka, na usivimeze kwa ajili ya mguu.

Nimesikia kuhusu mashine ya mawimbi na kuhusu mionzi.

Mashine ya mawimbi ya mshtuko hupiga mapigo ya nguvu kwenye kinundu kutoka nje ya ngozi, kwa kawaida katika vikao vichache vinavyopishana wiki moja. Tafiti ndogo zimeonyesha maumivu kupungua na kinundu kulainika kwa baadhi ya watu. Si kila hospitali ina mashine hiyo, na ukipata inapopatikana, uliza kwanza kama wameshaitumia kwa kinundu cha unyayo au kwa maumivu ya kisigino tu.

Mionzi ina ushahidi bora kidogo. Utafiti wa Uholanzi uliowalinganisha waliopata mionzi halisi na waliopata ya kuigiza uliona maumivu yakipungua zaidi kwa kundi la kwanza. Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei, kwa kifupi Gy, na mpango wa kawaida ni Gy 3 kila siku kwa siku tano, mapumziko ya wiki kadhaa, kisha siku tano nyingine, jumla Gy 30. Inafaa zaidi kinundu kikiwa bado kinakua. Ngozi inaweza kukauka, na kwa kuwa kuna hatari ndogo ya saratani miaka mingi baadaye, haipewi vijana bila sababu nzito wala mjamzito. Hapa nchini mashine za mionzi, kama zile za hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam, zina foleni ya wagonjwa wa saratani. Sitakuahidi kwamba utapokelewa kwa kinundu kisicho saratani, lakini daktari wako wa mifupa anaweza kuuliza kwa barua.

Nina kisukari. Ushauri unabadilika?

Ndiyo. Kabla ya soli yoyote, upimwe hisia za unyayo. Kama huhisi vizuri, maumivu hayatakuonya kwamba ukingo wa shimo unakuumiza, hivyo macho yafanye kazi hiyo asubuhi na jioni, kwa kioo au kwa mtu wa nyumbani. Shimo lichongwe kwa kina kidogo, lisitobolewe hadi chini. Sindano ya steroidi inaweza kuipandisha sukari kwa siku kadhaa. Ukiipata, pima sukari mara nyingi zaidi wiki hiyo na mwulize daktari kuhusu dozi zako.

Ni lini basi upasuaji unakuwa sahihi?

Penye shaka ya saratani, upasuaji hauna mjadala. Vinginevyo, ni pale ambapo umetumia soli iliyotengenezwa sawasawa na kurekebishwa, na viatu vinavyofaa, kwa miezi sita hadi kumi na miwili, na bado unashindwa kufanya kazi yako. Nasisitiza neno "kurekebishwa", kwa sababu wengi wanaosema "soli ilishindikana" walivaa soli moja, shimo likiwa sentimita moja pembeni ya kinundu, wakaiacha baada ya wiki.

Ukifika hapo, mwulize mpasuaji maswali haya kabla ya kutia sahihi: utatoa kinundu peke yake au na sehemu ya mkanda? Kovu litakaa wapi kwenye unyayo? Nitakaa wiki ngapi bila kukanyaga, na nani atanipatia magongo? Nyama itapelekwa maabara? Mwambie pia kama una kinundu kingine kwenye mguu wa pili au kiganjani, kwa kuwa kwa mtu wa namna hiyo uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi. Na soli yako uitunze: baada ya kidonda kufunga, kovu nalo litahitaji nafasi yake ndani ya kiatu, na vipimo tutavichukua upya.